Oveni ya nyota, fezi tatu: hesabu yangu inatoa kilowati 10, muuza jenereta anasema 6. Nakosea wapi?

FundiMsamvu

Wakuu habari za jioni. Nipo Morogoro, kazi zangu nyingi ni nyumba za fezi moja, kwa hiyo kwenye fezi tatu bado najikongoja. Naomba msinicheke.

Wiki hii nimefunga oveni ya mikate ya jamaa mmoja. Ndani ina elementi tatu, kila moja imegongwa maandishi 230V 2kW. Mguu mmoja wa kila elementi umeenda kwenye fezi yake. Miguu mitatu iliyobaki imekutana kwenye kipande kimoja cha shaba, na nyutro imefungwa hapohapo. Hiyo ni nyota, nadhani hapo hatubishani.

Oveni ikiwa imewaka yote nimepima hivi: fezi kwa fezi volti 394, fezi kwa nyutro volti 228, na klampu kwenye kila waya wa fezi inasoma ampea 8.6. Zote tatu sawasawa.

Mwenye oveni anataka jenereta, akaniuliza oveni inakula kilowati ngapi. Nikasema fezi tatu, volti 394, ampea 8.6, nazidisha: 3 × 394 × 8.6 = 10,165. Nikamwambia kilowati 10. Muuza jenereta akacheka, akasema hiyo ni kilowati 6 tu. Nimeaibika mbele ya mteja.

Maswali mawili. Moja, kama fezi moja ni 228, kwa nini fezi kwa fezi isiwe 456? Hii 394 inatoka wapi? Pili, kwenye kuzidisha nitumie ipi?

DogoWaChuo

Mkuu hii rahisi. Kwenye nyota mkondo wa laini na mkondo wa fezi ni kitu kimoja, volti ya laini ni √3 mara volti ya fezi. Delta ni kinyume chake. 228 × 1.732 = 394.9, ndiyo hiyo 394 yako. Nguvu ni √3 × V × I, siyo 3 × V × I.

Halafu hiyo nyutro ungeweza kuiacha. Mzigo ukiwa sawa pande zote, nyutro haibebi kitu, ni kupoteza waya bure.

FundiMsamvu

Asante dogo, lakini hapo umenipa kanuni, hujanipa sababu. √3 hata mimi nimeiona kwenye daftari. Mkondo unasema ni sawa, volti unasema siyo sawa. Kwa nini kimoja kibadilike na kingine kisibadilike?

Moto_Mkali

Mimi ningemshauri ageuze aweke delta, oveni iwe kali zaidi, mikate iive haraka. Nyota ni ya kuanzishia mota tu, baadaye inahamia delta. Mafundi wengi hawajui hili.

MzeeKilovolti

Naanza na huyu wa mwisho kabla mtu hajaunguza nyumba. Elementi imeandikwa 230V. Ukiifunga delta inabeba 400. Volti ikipanda mara 1.73, joto linapanda mara tatu, kwa hiyo elementi ya kilowati 2 inalazimishwa kutoa kilowati 6, na oveni nzima 18. Waya wa fezi utapitisha ampea 26 badala ya 8.7. Mikate hutaiona, utaona majivu. Hiyo ya kuhama kutoka nyota kwenda delta ni ya mota ambayo koili zake zimetengenezwa kwa volti kamili ya laini tangu mwanzo. Hizi elementi sivyo.

Sasa fundi, twende kwako. Mkondo ndio mwepesi. Waya wa fezi ya kwanza ukitoka kwenye breka unaingia elementi ya kwanza, basi. Hakuna njia panda. Kilichopita kwenye waya ndicho kilichopita kwenye elementi, hakina pa kwenda kwingine. Delta ndiyo yenye njia panda: waya unafika kona na kukuta elementi mbili.

Volti ni habari nyingine. Ukisema 228 na 228 iwe 456, unadhani fezi ya kwanza inafika juu kabisa wakati uleule ambao ya pili iko chini kabisa. Haiwi hivyo. Zinapishana theluthi ya mzunguko. Chukulia 230 kamili, kilele chake ni volti 325. Fezi ya kwanza ikiwa kileleni, ya pili iko chini ya sifuri, lakini ni kwa nusu tu, yaani −163. Tofauti yao wakati huo ni 488. Subiri kidogo tu: ya kwanza imeanza kushuka, iko 282, na ya pili imezidi kuzama, iko −282. Hapo tofauti ni 563, na haitazidi hapo. Wakati huohuo fezi ya tatu inapita kwenye sifuri. 563 ni kilele. Ukiirudisha kwenye volti ambayo mita inasoma, kwa kugawa kwa 1.414, unapata 398. Hiyo ndiyo 400 yetu.

Usiniamini mimi, chukua karatasi. Chora mstari wa sentimita 11.5. Kwenye ncha yake moja weka pima pembe, chora mwingine wa 11.5 kwa pembe ya digrii 120. Sentimita moja ni volti 20, kwa hiyo kila mstari ni 230. Halafu weka rula kati ya ncha mbili za nje. Njoo utuambie umepata ngapi.

FundiMsamvu

Mzee, nimechora nyuma ya karatasi ya risiti ya vifaa, nimeazima pima pembe ya mwanangu wa darasa la sita. Nimepata 19.9. Mara 20 ni 398.

Nimekaa nayo kama dakika kumi. Kwa hiyo nyutro ni ile kona, na ile ya rula haipiti kwenye nyutro kabisa.

MzeeKilovolti

Umeiona. Na ndio maana elementi yako haijui lolote kuhusu 394. Mguu mmoja uko kwenye fezi, mwingine uko kwenye kona. Inachokipata ni 228. Basi nguvu yake ni 228 × 8.6, kama wati 1,960. Ziko tatu, jumla ni karibu kilowati 5.9. Ungeweza kuishia hapo bila √3 yoyote.

Ile kanuni ya dogo haina uchawi, ni hesabu hiyohiyo kwa mtu aliyepima fezi kwa fezi peke yake:

```
P = 3 × Vf × I
Vf = VL / √3
P = 3 × (VL / √3) × I = √3 × VL × I
  = 1.732 × 394 × 8.6 = 5,869 W
```

Tatu ukiigawa kwa √3 inabaki √3. Wewe ulichukua tatu ya kanuni ya kwanza ukaichanganya na volti ya kanuni ya pili. Ndiyo maana jibu lako lilizidi mara 1.73 kamili. Kosa hili ukishalijua utalitambua popote: jibu likizidi au likipungua kwa 1.73, mtu kachanganya volti. Likizidi kwa 3, kachanganya nyota na delta.

Kuna njia ya kuhakikisha bila klampu. Kwenye mita ya umeme pale kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni pameandikwa namba yenye imp/kWh. Zima vingine vyote, washa oveni peke yake, hesabu mipepeso ya dakika moja.

FundiMsamvu

Nimetoka huko sasa hivi. Mita imeandikwa 1000 imp/kWh. Nimehesabu mara mbili, ya kwanza 97, ya pili 98. Kwa ile ya pili, kwa saa ni 5,880, yaani uniti 5.88. Kilowati 5.9 kasoro kidogo. Mwenye oveni amenisimamia akihesabu kwa sauti na yeye.

Sasa kwa nini siyo 6 kamili, wakati elementi ni 2kW mara tatu?

DogoWaChuo

Kwa sababu hujapata 230, umepata 228 kasoro. Ukinzani wa elementi ni 230 × 230 ÷ 2000 = ohmu 26.45. Gawa 227.5 kwa hiyo, unapata ampea 8.6. Nguvu inashuka kwa mraba wa volti.

MzeeKilovolti

Safi dogo. Hapo umejibu vizuri kuliko mimi.

KinuChaPosho

Salamu kutoka Kisumu. Huku stima yetu ni 415 fezi kwa fezi, 240 kwa nyutro, lakini hesabu ni zilezile. Sasa mimi nina mota ndogo ya mashine ya kuchanganya chakula cha kuku. Kibati kinasema 1.5 kW, 230/400 V Δ/Y, 3.4 A kwenye nyota, cos φ 0.79. Nikifanya vile Mzee amesema, 1.732 × 400 × 3.4, napata wati 2,355. Kibati kinasema 1,500. Nani mwongo?

Moto_Mkali

Vibati vya mota siku hizi ni vya kubandika tu, usiviamini.

MzeeKilovolti

Hakuna mwongo, ndugu yangu wa Kisumu. Umeruka namba moja uliyoiandika mwenyewe. Oveni ni joto tupu, mkondo na volti vinakwenda bega kwa bega. Mota ina koili, mkondo unachelewa nyuma ya volti, kwa hiyo siyo kila ampea inayopita inafanya kazi. Ndiyo hiyo 0.79. Zidisha 2,355 kwa 0.79 unapata kama wati 1,860. Hiyo ndiyo mita ya umeme inayokutoza.

Na 1,500? Hiyo ni nguvu inayotoka kwenye shafti, siyo inayoingia kwenye waya. Zile 360 zilizobaki zimeishia kwenye joto la koili na chuma, beringi, na ile feni ya nyuma. Shika mwili wa mota ikishafanya kazi nusu saa, utazikuta humo.

Angalia pia kwamba kibati kinakwambia 230 kwa delta na 400 kwa nyota. Ni kusema koili moja inataka 230. Huku kwetu mota hiyo ni nyota tu.

MamaAjemi

Assalaam aleykum. Mie si fundi, mie naoka mikate ya ajemi na boflo, nipo Unguja. Nimesoma huu uzi kwa sababu oveni yangu ni kama ya huyo kijana, elementi tatu za 2kW, ila mie nyutro haikufika kwenye elementi, zimekutana zenyewe kwa zenyewe. Tangu mwezi uliopita inachukua karibu mara mbili kupata moto. Fundi mmoja alikuja akapima, akasema umeme ni mdogo mtaani, ninunue mashine ya kunyanyua umeme. Niliandika alivyokuwa akisoma: fezi kwa fezi 400, waya wa kwanza 7.5, wa pili 7.6, wa tatu 0. Ninunue?

DogoWaChuo

Waya wa tatu 0? Mama, umekosa fezi moja. Angalia fyuzi.

MzeeKilovolti

Waaleykum salaam mama. Usinunue chochote. Mtaani una 400, huo siyo umeme mdogo.

Dogo, inaweza kuwa fyuzi, lakini alisema fezi kwa fezi 400, na kama alipima jozi zote tatu pale nyaya zinapoingia kwenye oveni basi umeme unafika. Elementi moja imekatika. Na zile 7.5 zinasema zaidi ya hapo. Sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo dogo aliposema nyutro ni kupoteza waya.

Elementi tatu zikiwa nzima, kona ile ya katikati inakaa kwenye volti ya nyutro yenyewe, uwe umefunga nyutro au hukufunga. Hapo dogo yuko sahihi. Moja ikikatika na hakuna nyutro, zilizobaki mbili zinakuwa mnyororo mmoja kati ya fezi mbili. 400 inagawanywa mbili, kila moja inapata 200 badala ya 230. Ukinzani ni 26.45 na 26.45, jumla 52.9; 400 ÷ 52.9 ni ampea 7.56. Hizo ndizo 7.5 na 7.6 za mama. Nguvu ni 400 × 7.56, kilowati 3. Nusu ya oveni. Ndiyo maana inachukua mara mbili.

Nyutro ingekuwepo, zile mbili zingebaki na 230 zao, zingesoma 8.7 kila moja, oveni ingetoa kilowati 4, na nyutro yenyewe ingebeba 8.7. Kwa hiyo mtu akikusomea namba kwa simu tu unaweza kujua: mbili zimebaki 8.7, nyutro ipo, zimeshuka 7.5, haipo.

Kitu kimoja cha hatari, mama, mwambie atakayekuja. Ile shaba ya katikati kwa sasa siyo nyutro tena. Kona imesogea, ina volti kama 115 dhidi ya ardhi. Fundi aliyezoea kuigusa kwa sababu "hapo hapana umeme" atarushwa. Azime breka kuu kwanza, apime, ndipo afungue.

FundiMsamvu

Mzee, kwangu nyutro ipo, nikajaribu. Nimezima, nikachomoa waya wa elementi ya tatu, nikaufunika vizuri, nikawasha. Nimesoma 8.6, 8.6, 0. Nyutro 8.6. Kama ulivyosema.

Ila hii ya nyutro kubeba 8.6 imenichanganya. Waya mbili za 8.6 zinarudi kwenye waya mmoja, kwa nini siyo 17.2?

MzeeKilovolti

Karatasi yako ileile ya risiti. Mara hii usitafute tofauti, tafuta jumla. Mistari miwili yenye urefu sawa na pembe 120 kati yake, jumla yake ina urefu uleule wa mmoja, inaelekea kinyume cha ule wa tatu. Ndiyo maana wa tatu ukirudi, vyote vinafutana na nyutro inalala.

KinuChaPosho

Hii nimeielewa kuliko miaka miwili ya kuulizauliza. Asanteni wadau.

MamaAjemi

Kijana wa mtaani kwetu amekuja asubuhi, kazima kila kitu, kafungua ile shaba, kapima elementi moja moja. Mbili zimesoma 26 na kidogo, ya tatu haisomi kitu, na ukiitikisa inalia ndani. Ameagiza nyingine. Nimemwambia anivutie na nyutro, kasema nyaya zilizopo ni nne na moja ni ya ardhi, atavuta mpya. Allah awalipe kheri.

DogoWaChuo

Mama asikubali nyutro itolewe kwenye ya ardhi.

Na nafuta kauli yangu ya kupoteza waya. Kwa oveni. Kwa mota bado naisimamia, mota ya fezi tatu haihitaji nyutro.

FundiMsamvu

Turudi kwenye jenereta, kwa sababu mteja ananisubiri. Muuzaji anasema kVA 7.5 inatosha. Pale dukani kuna pia mashine ya kukandia unga, mota yake ni kama ya ndugu wa Kisumu, 1.5 kW.

MzeeKilovolti

kVA 7.5 nyingi zinahesabiwa kwa 0.8, yaani injini inatoa kilowati 6. Oveni yako peke yake ni 5.9 mtaani, na jenereta ikitoa 400 kamili ni 6. Hapo umebana mpaka ukingoni kabla hata hujawasha mashine ya unga. Ongeza 1.86 ya mota, ni karibu kilowati 8. Na mota ikianza moja kwa moja inaweza kuvuta mara sita ya 3.4, ampea 20 kwa sekunde chache. Mimi ningeanzia kVA 12.

Moto_Mkali

Kwa hiyo jamaa angenunua kwa ile hesabu yake ya kilowati 10 asingekosea!

KinuChaPosho

Mimi ningewasha mashine ya unga kwanza, ikishatulia ndipo oveni, na kVA 10 ingetosha. Mafuta ni ghali.

MzeeKilovolti

Inawezekana, kama mwokaji atakumbuka mpangilio huo kila alfajiri saa kumi. Mimi nawajua waokaji.

FundiMsamvu

Nitampa bei za zote mbili achague mwenyewe. Ila kuna kitu kimoja bado. Elementi zote zikiwa zimewaka, fezi zote 8.6, klampu kwenye nyutro inasoma 0.4. Dogo alisema sifuri.

DogoWaChuo

Feni na taa ya ndani ya oveni zinachukua fezi moja na nyutro. Zizime upime tena.

FundiMsamvu

Nimezima feni na taa. Imeshuka, imebaki 0.2.

MzeeKilovolti

Elementi hazilingani sawasawa, moja ikipishana na wenzake kwa asilimia mbili tayari una 0.17. Au klampu yako haioni vizuri huko chini. Tafuta waya wa nyutro wenye nafasi, uzungushe mara tano kwenye taya la klampu, usome, ugawe kwa tano.

FundiMsamvu

Waya ni mfupi, unazunguka mara mbili tu. Jumamosi nikienda na kipande kingine nitajaribu, nitaleta namba.